Kusukutua kwa maji ya chumvi, manjano au soji: yanapotuliza, na siku ya kuyaacha

*Daktari, jambo. Binti yangu ana miaka 11. Koo linamuuma tangu siku tano, ana homa, hakohoi, na kumeza ni taabu. Ninampa maji ya moto na chumvi asukutue, siku nyingine manjano, na jirani amenipa majani ya soji. Anapata nafuu kidogo, halafu maumivu yanarudi. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano na kidonda kando ya ulimi, pale jino lililovunjika linaposugua. Sasa ni wiki ya nne. Tuendelee kusukutua mpaka lini? Mama wa Kadutu, Bukavu.*

Mama, jambo, na pole kwa kuuguza huku nawe unaumwa. Nitaanza na uamuzi kisha nieleze sababu zake, kwa kuwa barua yako ina jambo lisiloweza kungoja mwisho wa maelezo marefu. Binti yako apelekwe kituo cha afya kesho asubuhi, hata kama usiku wa leo atalala bila maumivu. Kidonda chako cha ulimi nacho kimepita muda ambao maji ya chumvi yanaweza kuachiwa peke yao, kwa hiyo kitazamwe na daktari wa meno ndani ya wiki hii. Maji ya chumvi mnaweza kuendelea nayo nyote wawili mpaka hapo. Manjano yaacheni leo, na soji mrudishie jirani kwa shukrani, kwa sababu haimfai mtoto wa umri huo wala mama mwenye mimba.

Watu wengi wanaamini kwamba chumvi huua vijidudu vya kooni kama inavyozuia samaki asioze. Makayabo hukaa muda mrefu bila kuharibika kwa sababu amejazwa chumvi kwa kiasi ambacho koo la mtu halingeweza kukistahimili hata kwa dakika moja. Maji ya kusukutua ni kitu kingine kabisa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 3, na ukikikoroga katika glasi ya mililita 250 unapata maji yenye chumvi inayozidi kidogo asilimia 1, wakati majimaji ya mwili wetu yenyewe yana chumvi ya karibu asilimia 0.9. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuvuta taratibu maji yaliyojaa katika nyama ya koo iliyovimba, na wakati huohuo maji yenye uvuguvugu hulegeza makamasi mazito yaliyoganda nyuma ya koo na kuondoa mabaki ya chakula yanayochokoza kidonda. Vijidudu vilivyokwisha kuingia ndani ya mafindofindo havifikiwi. Ndiyo sababu nafuu unayoiona kwa binti yako hudumu muda mfupi kisha maumivu yakarudi: hukukosea kuchanganya, hiyo ndiyo kazi ya maji hayo na huo ndio mpaka wake.

Kwa kipimo cha nyumbani, njia isiyokosewa kwa urahisi ni ya chupa ya nusu lita. Jaza chupa hiyo maji, yamimine katika sufuria, yachemshe mpaka yatokote, kisha yatie kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kawaida ya mezani, kilichosawazishwa kwa kisu kisiwe na kilima. Pima maji kabla ya kuyachemsha, kwa kuwa maji yanayochemka huikunja chupa ya plastiki na kipimo kinapotea. Usiruke hatua ya kuchemsha ati kwa sababu maji yatatemwa: mtoto anayesukutua humeza kidogo kila mara, na katika mji wetu, ambapo familia nyingi huchota maji ya ziwa au ya chemchemi siku bomba linapokauka, kidogo hicho kinaweza kuleta kuhara juu ya homa. Ukitumia chumvi ya mawe, iponde kwanza iwe laini, maana punje kubwa huacha nafasi katika kijiko na kipimo chako kitapungua.

Acha maji yapoe mpaka tone moja likidondoshwa ndani ya kifundo cha mkono wako lionekane vuguvugu tu. Mwambie mtoto achukue kinywa kimoja kisichojaa, ainue kidevu kidogo, atoe sauti ya «aaa» kwa sekunde 15 hivi ili maji yatikisike nyuma ya koo, kisha ateme. Arudie mpaka nusu glasi iishe. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha, mojawapo ikiwa baada ya chakula cha jioni kabla ya kulala. Maji ya leo yasitumike kesho. Kwa kidonda chako cha ulimi huna haja ya kuinua kichwa: shika maji hayohayo mdomoni, yazungushe upande wenye kidonda kwa nusu dakika, kisha uteme. Yatachoma kidogo mwanzoni. Yakiendelea kuchoma zaidi ya dakika moja baada ya kutema, punguza chumvi iwe nusu ya ile uliyoiweka.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni kuongeza chumvi pale nafuu inapochelewa. Mama huweka kijiko kimoja katika glasi, kesho viwili, na keshokutwa huweka punje za chumvi juu ya kidonda chenyewe akidhani kwamba uchungu ni dalili ya dawa kufanya kazi. Chumvi kali huikausha ngozi laini ya mdomo na kuichubua, hivyo mgonjwa anafika kwetu na kidonda kikubwa kuliko kile alichoanza nacho, kikiwa na kingo nyeupe zilizoungua. Maji ya moto mno hufanya vivyo hivyo, na ndimu au pilipili zinazoongezwa ndani yake huzidisha madhara. Ukiona koo linakauka, mdomo unawaka hata kati ya mara na mara, au mtoto anatapika kila anaposukutua, hapo kusukutua kwenyewe kumegeuka kuwa ugonjwa wa pili na kunapaswa kusimamishwa.

Kuhusu umri, binti yako wa miaka 11 hana shida. Ikiwa nyumbani kuna mdogo wake wa chini ya miaka sita, usimlazimishe, maana watoto wa umri huo wengi hawajui kuzuia maji nyuma ya koo na huweza kupaliwa. Mtoto ambaye hawezi kuzungusha maji matupu mdomoni na kuyatema yote hajawa tayari kwa maji ya chumvi. Huyo apewe vinywaji vya uvuguvugu kidogo kidogo, na kama ameshapita mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko cha asali. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Manjano yana sifa kubwa, na sitaki kuyakejeli, kwa kuwa kuna majaribio ya hospitalini yaliyoonyesha kwamba kusukutua manjano kabla ya upasuaji hupunguza maumivu ya koo kwa wagonjwa waliotiwa mpira wa kupumulia. Lakini koo lililochubuliwa na mpira na koo lililoingiwa na vijidudu si mgonjwa mmoja. Tena kile kiini cha manjano kinachosifiwa, kiitwacho kurkumini, hakiyeyuki vizuri katika maji. Koroga nusu kijiko cha unga katika glasi ya maji moto, iache dakika kumi, utaona unga umelala chini na juu yake kuna maji ya rangi ya njano. Hayo ndiyo tunayosukutua, pamoja na chembechembe zinazokwaruza koo lililovimba. Mtu mzima anayependa kuyatumia kwa koo lenye mwasho wa mafua hatadhurika akiyachuja kwa kitambaa safi, mara mbili kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Hata hivyo sioni kitu yanachofanya ambacho chumvi haikifanyi kwa urahisi zaidi.

Nina sababu mbili za kukuambia uyaache leo, na ya kwanza ni ya kesho asubuhi. Muuguzi atamfungua binti yako mdomo na kutafuta madoa meupe au ya manjano juu ya mafindofindo, yaani usaha. Manjano hupaka ulimi, meno na mafindofindo rangi ileile inayotafutwa, na nimewahi kupoteza muda mrefu na taa mkononi nikijiuliza kama ninachokiona ni ugonjwa au ni jiko. Sababu ya pili ni asili ya unga wenyewe. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo yao kutoka Bangladeshi yaliyoonyesha kwamba baadhi ya wachakataji walikuwa wakiongeza rangi yenye madini ya risasi ili manjano yang'ae. Sisemi kwamba unga wa soko letu uko hivyo. Ninasema kwamba risasi haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa ladha, inaharibu ubongo wa mtoto, na inamfikia aliye tumboni. Kwa hiyo mwenye mimba anayependa manjano katika chakula chake afadhali anunue mizizi mizima na kuisaga mwenyewe kuliko kununua unga uliopimwa kwa kijiko kutoka gunia lisilojulikana lilikotoka.

Soji, jani lile la kijani lenye ukijivu na vinyweleo laini, lililotujia kutoka nchi za Bahari ya Mediterania kupitia lugha ya Kifaransa, lina hoja bora kidogo kwa koo. Majani yake yana tanini, ambayo hukaza ngozi laini ya mdomo kama chai kavu isiyo na sukari inavyoukaza ulimi, na ukazaji huo hupunguza maumivu. Shirika la Dawa la Ulaya linakubali matumizi yake ya asili kwa uvimbe mdogo wa mdomo na koo: gramu 2.5 za majani makavu katika mililita 100 za maji yanayochemka, yakifunikwa na kuchujwa, kisha kusukutuliwa yakiwa vuguvugu mara tatu kwa siku. Lakini shirika hilohilo linaweka mpaka wa wiki moja, halipendekezi kwa walio chini ya miaka 18 kwa kukosa taarifa za kutosha kuhusu usalama, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Mafuta ya soji yana kitu kiitwacho tujoni, ambacho kikizidi mwilini kinaweza kuleta degedege. Kwa hiyo mwenye kifafa naye akae mbali, na vile vichupa vidogo vya mafuta ya soji visitiwe mdomoni na mtu yeyote. Ongeza kwamba majani uliyopewa na jirani hayana karatasi inayoyatambulisha, na jani la kijivu lenye vinyweleo si lazima liwe soji.

Sasa nirudi kwa binti yako, kwa sababu hapa ndipo ilipo hatari ambayo nafuu ya kusukutua huificha. Maumivu mengi ya koo yanaletwa na virusi, huja na mafua, kikohozi, macho yenye machozi na sauti iliyokauka, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Huyo ndiye mgonjwa wa maji ya chumvi. Sehemu ndogo zaidi, na kubwa kidogo kwa watoto wa umri wa shule, huletwa na bakteria aitwaye streptokoki, na sisi humtambua kwa kuhesabu dalili: homa inayozidi nyuzi 38, kutokuwa na kikohozi, mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha, tezi zinazouma mbele ya shingo, na umri wa kati ya miaka 3 na 14. Kwa maneno yako mwenyewe binti yako ana tatu: homa, kukosa kikohozi, na umri. Mbili zilizobaki unaweza kuzitafuta jioni hii. Mketishe kuelekea mwanga, mwambie aseme «aaa» huku umeshikilia ulimi kwa mpini wa kijiko, utazame pande mbili za nyuma. Kisha papasa taratibu chini ya kona za taya lake. Tezi iliyovimba huhisiwa kama haragwe linaloteleza, na akiguswa hapo atajikunja. Usipoona chochote bado umpeleke, kwa sababu siku tano za homa bila kikohozi zinatosha peke yake.

Koo la streptokoki mara nyingi hupona hata bila dawa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili wa baadhi ya watoto, baada ya kupigana na bakteria huyo, huanza kushambulia viungo na moyo wake wenyewe wiki mbili hadi nne baadaye. Ugonjwa huo unaitwa homa ya baridi yabisi. Nakumbuka mvulana wa miaka 13 kutoka Bagira ambaye mama yake alimsukutulisha chumvi kwa uaminifu wote. Koo likapona katika siku nane na kila mtu akasahau. Wiki ya tatu goti la kulia likavimba, likawa la moto, hakuweza kukanyaga. Baada ya siku mbili goti likatulia, kifundo cha mguu wa kushoto kikaanza, kisha kiwiko. Nyumbani walidhani ameanguka katika mpira wa miguu. Alipoletwa kwetu moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata akiwa amelala, na ukiweka kipimo kifuani ulisikia damu ikirudi nyuma kwa mvumo kupitia vali isiyofunga sawasawa. Tangu siku hiyo anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, na atachomwa kwa miaka mingi, ili koo jingine lisiiharibu vali hiyo zaidi. Maji ya chumvi hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni kwamba yalifanya kazi yake vizuri, maumivu yakapungua, na hakuna aliyehesabu siku.

Kuhesabu siku kuna maana kwa sababu penisilini, hata ikianza kuchelewa hadi siku ya 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado huzuia homa ya baridi yabisi. Leo binti yako yuko siku ya tano, kwa hiyo wakati upo, ila si wa kuchezewa. Muuguzi akiamua kwamba ni streptokoki, atampa penisilini au amoksisilini ya kumeza kwa siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini, ambayo mimi huipendelea kwa familia zinazoishi mbali au zenye shughuli nyingi kwa kuwa haihitaji mtu kukumbuka kila siku. Mwambie mapema kama mtoto amewahi kuvimba au kutokwa na vipele baada ya dawa ya aina hiyo. Usinunue vidonge vitatu vitatu kwa wauza dawa wa barabarani. Homa itashuka siku ya pili, fedha itaisha siku ya tatu, na bakteria atabaki. Na ikiwa mzee yeyote atashauri kilimi kikatwe, kama inavyofanyika bado katika nchi za ukanda wetu, kataa kwa heshima: kilimi huvimba kwa sababu koo zima limevimba, na kukikata huleta damu na maambukizi bila kugusa chanzo.

Kwa maumivu ya usiku wa leo, mpe parasetamoli. Kama ana kilo 34 au zaidi, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha, na kinaweza kurudiwa baada ya saa sita, kisizidi mara nne kwa siku. Akiwa mwepesi zaidi kipunguzwe kulingana na uzito wake. Asipewe aspirini. Wewe pia tumia parasetamoli pekee kwa ulimi wako, na uache ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kuanzia mimba inapofika nusu yake zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka.

Kuhusu kidonda chako, saa yake ni nyingine. Kidonda cha kawaida cha mdomo ni kidogo, cha mviringo, kina sakafu nyeupe au ya manjano na ukingo mwekundu, kinauma sana siku nne za kwanza, na ndani ya wiki moja hadi mbili kimefunga. Kwa kidonda cha namna hiyo maji ya chumvi ni tiba ya kutosha, kwa kuwa kazi yote inayohitajika ni kukiweka safi wakati mwili unakiziba. Kidonda kinachozidi wiki tatu bila kufunga hakisukutuliwi tena bila kujulikana chanzo chake. Chako huenda kina chanzo rahisi: ncha ya jino lililovunjika inakikata upya kila unapomeza na kusema, na hakuna chumvi inayoweza kushindana na kisu kilicho palepale. Daktari wa meno atalainisha ncha hiyo, au ataliziba au kuling'oa jino, na mwezi wa tano wa mimba ni wakati mzuri wa kufanya hivyo. Ganzi ya kawaida ya meno haizuiwi na mimba. Baada ya ncha kuondolewa, kidonda kinapaswa kufunga ndani ya wiki mbili. Andika tarehe hiyo ukutani.

Kisipofunga, urudi na uombe kipande kidogo kikatwe na kupimwa kwa hadubini, kwa maana kando ya ulimi ni mojawapo ya mahali ambapo saratani ya mdomo hupenda kuanzia, na mwanzoni huwa na sura ya kidonda kilichochelewa kupona. Dalili zinazonitia wasiwasi ni ukingo ulioinuka na kuwa mgumu kama gegedu, kidonda kisichouma kabisa, damu inayotoka kwa kuguswa kidogo, ganzi ya ulimi, au tezi ngumu isiyouma shingoni. Kwa umri wa uzazi, tena kukiwa na jino la kulaumiwa, uwezekano huo ni mdogo, nami sikutishi. Ninakupa tu kipimo cha kujua lini mashaka yaanze. Siku ya kupima mimba ueleze pia kuhusu kidonda, kwa sababu upungufu wa damu, wa chuma na wa foliki huchelewesha vidonda vya mdomo kupona, na mwenye vidonda vinavyorudi rudi hupimwa pia virusi vya ukimwi.

Kuna hali ambazo hakuna kuhesabu siku. Mtoto asiyeweza kumeza mate yake hata yakamtoka mdomoni, anayesema kama mwenye viazi moto kinywani, asiyeweza kufungua taya, anayevuta pumzi kwa mlio, au ambaye shingo imevimba na kooni kuna utando wa kijivu uliong'ang'ania, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Huenda ni jipu nyuma ya findo, au dondakoo, na kumlazimisha kusukutua kunaweza kumpalia. Vidonda vya mdomo vinavyokuja pamoja na vipele vya ngozi vionyeshwe bila kuchelewa, kwa kuwa mkoa wetu umeishi na mpoksi tangu ilipoenea Kamituga mwaka 2023. Maji ya chumvi hutumika kutuliza vidonda vyake, lakini mgonjwa anahitaji kutengwa na kuangaliwa. Na kwa mtoto mdogo aliyedhoofika, hasa baada ya surua, fizi inayotoka damu na kunuka vibaya ni dharura hata kabla shavu halijavimba, kwani noma huanza hivyo na huweza kuula uso ndani ya siku chache. Kwa mtoto huyo maji ya chumvi ya uvuguvugu ni sehemu halali ya matibabu, pamoja na antibiotiki na lishe, mikononi mwa wahudumu wa afya.

Binti yako akishaanza dawa, endelea na chumvi kwa siku mbili au tatu, mpaka ameze ugali bila kukunja uso, kisha uache. Koo lililopona halinufaiki na chumvi ya kila siku. Homa isiposhuka ndani ya siku mbili za dawa, mrudishe. Na kwa muda wa wiki nne kuanzia leo, akilalamika goti, kifundo au kiwiko kilichovimba bila kuanguka, au akianza kuhema kwa kupanda ngazi ambazo jana alizipanda akikimbia, usimkande kwanza: mpeleke, na umwambie daktari kwa sentensi ya kwanza kabisa kwamba aliumwa koo, na tarehe lilipoanza.